Nukta pacha isiyoingia kwenye flashi: historia ya majina ya mafaili yanayokataliwa

Faili linaloweza kukaa miaka mingi kwenye kompyuta yenye Linux bila tatizo lolote huweza kukataliwa dakika ile ile mwenyewe anapolinakili kwenye flashi, ingawa flashi ina nafasi ya kutosha na faili ni zima. Sababu huwa ni jina lake, ambalo lina alama kama nukta pacha au alama ya kuuliza, au mahali linapokwenda kuwekwa, ambapo pana folda nyingi zilizo moja ndani ya nyingine. Makosa haya mawili huonekana kama udhaifu wa flashi, lakini historia yake inaonyesha kwamba yote mawili yalizaliwa nje ya diski: la kwanza limetokana na namna watu wa miaka ya 1970 na 1980 walivyokuwa wakiiandikia kompyuta amri, na la pili ni kikomo cha programu za Windows.

Flashi na kadi nyingi za kumbukumbu huandaliwa kwa FAT32 au exFAT, ambayo ni mifumo ya mafaili, yaani kanuni za kupanga data kwenye diski na kukumbuka kila faili liko wapi. FAT ya kwanza iliandikwa mwaka 1977 na Marc McDonald katika kampuni ya Microsoft. Kiini chake ni jedwali moja ambamo kila kipande cha diski kina nafasi yake, na ndani ya nafasi hiyo imeandikwa namba ya kipande kinachofuata cha faili lile lile, hivi kwamba kompyuta hulisoma faili kwa kufuata namba hizo hadi mwisho. Mwaka 1980 Tim Paterson alitumia wazo hilo katika mfumo endeshi wake, ambao baadaye ulinunuliwa na Microsoft na kuwa MS-DOS.

Kanuni za majina, hata hivyo, zilitoka kwingine. Paterson alifuata desturi za CP/M, mfumo endeshi wa Gary Kildall wa mwaka 1974, ambamo jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu za kuonyesha aina ya faili. Katika mfumo huo mtumiaji aliandika amri zake zote kwa kibodi, na alama kadhaa zilikuwa zimepewa kazi ndani ya amri. Nukta pacha ilitenganisha herufi ya diski na jina la faili, kama katika `A:BARUA.TXT`. Alama ya kuuliza ilisimama badala ya herufi yoyote moja, na kinyota badala ya herufi zozote zilizosalia. Iwapo faili lingeruhusiwa kuwa na kinyota ndani ya jina lake, amri ya kulifuta ingeweza kueleweka kuwa ni ya kufuta mafaili mengine pia, kwa hiyo alama hizo zilizuiwa kabisa.

Orodha iliongezeka mwaka 1983, MS-DOS 2.0 ilipoleta folda. Mfumo wa Unix ulikuwa tayari ukitenganisha majina ya folda kwa mkwaju, yaani alama `/`, lakini katika DOS mkwaju ulikuwa umeshazoeleka kama alama ya kutanguliza masharti ya amri, kwa mfano `DIR /W`. Ndiyo maana ukachukuliwa mkwaju uliolalia upande wa pili, `\`. Toleo hilo hilo lilileta alama `<`, `>` na `|`, ambazo huelekeza matokeo ya amri moja yaende kwenye faili au kwenye amri nyingine. Pamoja na alama za kunukuu, `"`, idadi ikafika tisa: `" * / : < > ? \ |`.

Fursa ya kuachana na marufuku hiyo ilijitokeza mwaka 1995, Windows 95 ilipowaruhusu watumiaji wake kutumia majina marefu. Katika FAT kila faili lilikuwa na ingizo la baiti 32, na ndani yake jina lilipewa baiti 11 tu, kwa hiyo wahandisi waliongeza maingizo ya ziada mbele ya lile la kawaida, kila moja likibeba herufi 13 za jina refu, hadi kufikia herufi 255. Maingizo hayo yalipewa sifa nne kwa pamoja, yaani la kusomwa tu, lililofichwa, la mfumo na la jina la diski, mchanganyiko ambao programu za zamani ziliuona hauna maana zikauruka. Herufi ziliandikwa kwa Yunikodi, mpangilio wa kimataifa unaoipa kila herufi ya maandishi ya dunia namba yake, na kwa sababu hiyo jina lililoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama yalivyo ya miswada mingi ya Kiswahili ya zamani, linakubalika bila shida. Maingizo hayo yangeweza kubeba nukta pacha pia, lakini kanuni iliendelea kuizuia pamoja na zile nane nyingine, kwa kuwa mstari wa amri wa Windows ulikuwa bado unazitumia.

Mfumo wa exFAT, uliotoka mwaka 2006, uliondoa kikomo cha FAT32 cha faili moja kutofika gigabaiti 4, lakini maelezo yake rasmi, ambayo Microsoft iliyachapisha mwaka 2019, yanazitaja tena alama zile zile tisa. Kwa sababu hiyo Linux, ambayo kwenye diski zake yenyewe hukataza mkwaju na baiti ya sifuri pekee, hulazimika kuheshimu katazo la DOS kila inapoandika kwenye flashi. Ritifaa ya neno kama ng'ombe haimo katika orodha, nayo hupita salama.

Kuhusu njia ndefu, hali ni tofauti. Njia ni mfululizo wa majina ya folda kuanzia mwanzo wa diski hadi faili lenyewe, na wala FAT32 wala exFAT haihifadhi mfululizo huo mahali popote, kwani kila folda hujua majina ya vilivyomo ndani yake tu. Kikomo kimo katika programu za Windows, ambazo kwa desturi hutenga nafasi ya herufi 260 kwa njia nzima, na kwa kuwa moja hutumika kuonyesha mwisho, hubaki 259. Iwapo faili limo ndani ya `C:\Kazi\`, ambayo ni herufi 8, na sehemu inayofuata ina herufi 240, jumla ni 248 na faili hufunguka. Likinakiliwa kwenda `E:\Nakala za Akiba\Kompyuta ya Ofisi\`, yenye herufi 37, jumla huwa 277 na kunakili hukwama. Tiba iliyo rahisi ni kufupisha jina la folda ya kupokelea, na pale isipowezekana, amri ya `robocopy` ya Windows hunakili njia zinazozidi kikomo hicho. Tangu mwaka 2016 Windows 10 imekuwa na mpangilio wa kukiondoa, lakini huzisaidia tu programu zilizoandikwa kwa kuutambua.

Kwa majina yenye alama zilizokatazwa, tiba ni kuyabadilisha, na mbinu ya kubadilisha majina mengi kwa mkupuo inaeleweka vizuri kwa mfano mmoja. Tuseme mtafiti ana folda iitwayo `Sauti` kwenye kompyuta ya Linux, ndani yake mna folda `Pemba: Wete`, na ndani ya hiyo mna faili `Mahojiano 16:30 - Je, bei imepanda?.wav`. Akijaribu kunakili kwenye flashi ya exFAT, amri ya `cp` hujibu `Invalid argument`, na kwa kuwa folda yenyewe haikuweza kuundwa, hata mafaili yenye majina safi yaliyomo ndani yake hayafiki. Hatua ya kwanza, akiwa ndani ya `Sauti`, ni kuorodhesha majina yote yenye kasoro:

```
find . -name '*["*:<>?|\\]*'
```

Hatua ya pili ni kujaribu mabadiliko bila kuyatekeleza. Programu ya `rename` inayotumika hapa ni ile iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, na inafaa kuhakikisha ndiyo iliyopo, kwa maana baadhi ya matoleo ya Linux huja na nyingine yenye jina lile lile inayopokea maagizo kwa namna tofauti.

```
find . -depth -name '*["*:<>?|\\]*' -exec rename -n \
  's/["*:<>?|\\](?=[^\/]*$)/-/g' {} + > ../orodha.txt
```

Neno `-depth` huagiza vilivyomo ndani vishughulikiwe kabla ya folda inayovibeba, kwani folda ikibadilishwa jina kwanza, njia za mafaili yake zilizokwisha kuorodheshwa hazitaelekeza popote. Sehemu `(?=[^\/]*$)` huyaacha majina ya folda za juu kama yalivyo, ili kila zamu ibadilishe jina moja tu lililo mwishoni mwa njia. Alama `-n` huzuia utekelezaji, na majina ya zamani na mapya huandikwa kwenye `orodha.txt`, ambayo itahitajika siku mtu atakapotaka kujua faili liliitwaje awali. Baada ya orodha kusomwa, amri hiyo hurudiwa bila `-n` na bila sehemu ya `> ../orodha.txt`, na faili la mfano huwa `Mahojiano 16-30 - Je, bei imepanda-.wav` ndani ya `Pemba- Wete`.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyotoa ujumbe wa kosa. FAT32 na exFAT huzichukulia herufi kubwa na ndogo kuwa sawa, hali Linux huzitofautisha, hivi kwamba `Picha.jpg` na `picha.jpg` ni mafaili mawili kwenye kompyuta lakini ni jina moja kwenye flashi, na programu ya kunakili inaweza kuliandika la pili juu ya la kwanza. Vivyo hivyo `bei:1.txt` na `bei?1.txt` yote hugeuka `bei-1.txt`. Hapo `rename` hukataa kulibadilisha la pili na kutoa onyo, lakini jaribio la `-n` haliwezi kuuona mgongano ambao bado haujatokea. Majina yanayotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu hupatikana kwa amri ifuatayo, na yasiporekebishwa kabla ya kunakili, ulinganisho wa `diff -rq` kati ya folda mbili baadaye ndio utakaoonyesha kilichopungua:

```
find . | sort -f | uniq -di
```

Yako mafaili ambayo majina yake hayapaswi kuguswa, kwa mfano ya ushahidi, ya nyaraka za kumbukumbu, au ya programu inayotafuta sehemu zake kwa majina hayo hayo. Kwa mafaili hayo folda nzima hufungwa kwa `tar` kuwa faili moja, na kwa kuwa flashi huona jina la nje tu, majina ya ndani husafiri na nukta pacha zake, herufi zake kubwa na ndogo, na njia zake ndefu. Flashi ikiwa ya FAT32, kifurushi hicho ni lazima kisifike gigabaiti 4, au kikatwe vipande. Na kikifunguliwa, kifunguliwe kwenye diski ya Linux, kwani kukifungua juu ya flashi yenyewe hurudisha katazo lile lile.