Kamba Ngapi Zinabeba Mzigo?

Plutarki, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 baada ya Arkimede, anasimulia kisa kilichotokea Sirakusa, katika kisiwa cha Sisilia. Arkimede alimwambia Mfalme Hiero kwamba nguvu ndogo inaweza kusogeza mzigo wowote, na mfalme akataka kuona kwa macho yake. Basi wakachagua meli ya milingoti mitatu ambayo watu wengi walikuwa wameivuta nchi kavu kwa taabu, wakaipakia abiria na shehena. Arkimede akaketi mbali, akawa anavuta kamba ya mtambo wa makapi kwa mkono wake, pole pole, na meli ikaja taratibu kana kwamba inakwenda majini.

Kisa hiki kimerudiwa vitabuni kwa karne nyingi. Lakini kinaweza kupimwa, na kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya mchoro na kuhesabu kamba.

Mchoro wa kale ulio wazi kuliko yote umo katika maneno ya Vitruvio, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika katika karne ya kwanza KK. Katika kitabu chake cha kumi anaeleza mtambo wa kuinulia mawe ya ujenzi. Kuna kapi la juu, lililofungwa kwenye miti iliyosimamishwa, na ndani yake mna roda mbili, yaani magurudumu yenye mfuo wa kupitisha kamba. Kuna kapi la chini lenye roda moja, nalo ndilo linaloning'iniza jiwe. Kamba inapita juu ya roda ya kwanza ya kapi la juu, inashuka na kuizunguka roda ya kapi la chini, inapanda tena hadi roda ya pili ya juu, kisha inashuka na ncha yake inafungwa kwenye kapi la chini. Ncha nyingine inateremka hadi kwenye winchi ya mkono iliyo chini, ambako watu wanazungusha.

Sasa chora mambo hayo kwenye karatasi, kisha piga mstari wa kulala unaopita kati ya makapi mawili. Mstari huo utakata kamba mahali panne. Usizihesabu zote. Jiulize kuhusu kila moja: je, kamba hii imelishika kapi linalopanda pamoja na jiwe? Mbili zimeizunguka roda ya chini, moja imefungwa kwenye kapi lenyewe. Hizo ni tatu. Ya nne inatoka kapi la juu kwenda kwenye winchi. Hailigusi kapi la chini, kwa hiyo haibebi jiwe. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu machoni kamba zote nne zinafanana.

Kamba ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kama roda zinazunguka bila kukwama, mkazo wake ni uleule kila mahali. Jiwe la kilo 600 linagawanyika basi katika vipande vitatu vya kamba, kila kimoja kilo 200, na anayevuta anahitaji nguvu ya kilo 200 tu. Gharama yake ni urefu: ili jiwe lipande mita 1, kila kimoja cha vipande vile vitatu lazima kifupike kwa mita 1, na winchi ivute mita 3 za kamba.

Vitruvio anauita mtambo huu kwa idadi ya roda, tatu, na ule mkubwa zaidi kwa roda tano, tatu juu na mbili chini. Kwake hesabu inatoka sawasawa, kwa kuwa kamba ya kuvuta inatokea kapi la juu ikielekea ardhini. Lakini ugeuze mtambo huohuo juu chini: roda mbili ziwe kwenye kapi linalopanda, moja juu, ncha ifungwe juu, na mvutaji asimame juu akivuta kuelekea kwake. Roda bado ni tatu, ila sasa hata kamba iliyo mkononi mwake imelishika kapi linalopanda. Vipande vinavyobeba ni vinne, na mzigo wa kilo 600 unamdai kilo 150. Anayehesabu roda badala ya kamba atakosa jibu.

Aliyeiweka kanuni hii katika kamba zenyewe ni Heroni wa Aleksandria, katika karne ya kwanza BK. Alisema uzito na nguvu inayouinua vina uwiano uleule ulio kati ya kamba zinazobeba mzigo na zile zinazovutwa. Kitabu chake cha mekanika kimetufikia kizima kwa Kiarabu peke yake, katika tafsiri ya Qusta ibn Luqa, msomi wa karne ya tisa aliyefanya kazi Baghdad. Bila yeye tungekuwa na vipande vichache tu vya Kigiriki.

Turudi kwa meli ya Hiero. Kila roda inasuguana na mhimili wake, na kamba nene haikunjiki bure. Tuseme kila roda inakula sehemu moja ya kumi ya mkazo, kadirio la wastani kwa roda ya mbao. Katika mtambo wa Vitruvio, kipande cha kwanza kinabaki na 0.9 ya nguvu ya mvutaji, cha pili 0.81, cha tatu kama 0.73. Jumla si 3 bali 2.44, na jiwe la kilo 600 linataka kilo 246. Ukizishika kamba jiwe likiwa linapanda utalihisi jambo hili kwa mkono: kamba iliyo karibu na fundo ndiyo iliyolegea kuliko zote. Kwa roda tano unapata 3.7. Kwa roda kumi hupati hata 6. Na ukiendelea kuongeza roda bila mwisho, hutavuka 9 kamwe.

Kwa hiyo sioni jinsi makapi peke yake yangemwezesha mtu mmoja kuvuta meli iliyopakiwa. Athenayo, mwandishi mwingine wa kale, naye anasimulia kwamba Arkimede aliisogeza meli kubwa ya Hiero, lakini anataja kifaa cha parafujo. Nadhani hapo yuko karibu zaidi na ukweli.

Karne nyingi baadaye, msanifu majengo Domenico Fontana alitegemea hesabu kama hizi alipopewa kazi ya kuhamisha mnara wa jiwe wa Misri uliopo Vatikani, mwaka 1586. Alikadiria uzito wa jiwe kuwa zaidi ya ratili 960,000 za Kirumi, na akahesabu kwamba winchi moja yenye kamba nzuri na makapi yake ingeinua ratili 20,000. Winchi 40 zilitoa 800,000. Iliyobaki aliiachia miti mitano mikubwa ya kukwezea.

Tatizo jipya lilikuwa kwamba sasa kamba hazikuwa moja. Ndani ya kamba moja mkazo hujigawa wenyewe, lakini winchi 40 zina kamba 40, na moja ikilegea mzigo wake unaangukia jirani zake. Ndiyo maana Fontana aliamuru wavute wote kwa mlio wa tarumbeta na kusimama kwa kengele. Tarehe 30 Aprili, watu wapatao 900 na farasi 75 walivuta kwa awamu 12, na jiwe likapanda kama sentimita 60.