Jinsi kanuni ya msongamano inavyotambua sehemu hatari za barabara

MTU anapoitazama ramani ya ajali za Nairobi, jicho lake huona mara moja mahali nukta zilipobanana. Huona mstari mrefu ukifuata Waiyaki Way kutoka Westlands, kupitia Kangemi hadi Mountain View, na huona pia nukta mojamoja zilizotawanyika mitaani. Tarakilishi haina jicho hilo. Lazima ipewe kanuni ya kuiambia kundi ni nini, na nukta ipi haina kundi.

Kanuni inayotumika sana kwa kazi hiyo huitwa DBSCAN. Ilitangazwa mwaka 1996 na wataalamu wanne wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani: Martin Ester, Hans-Peter Kriegel, Jörg Sander na Xiaowei Xu. Msingi wake ni kwamba kundi ni mahali penye msongamano, liwe na umbo la duara, la mstari au la upinde wa barabara.

Mtumiaji hutakiwa kuamua mambo mawili tu. La kwanza ni umbali wa ujirani, mathalani mita 100. La pili ni idadi ya chini ya nukta zinazopaswa kupatikana ndani ya umbali huo, nukta yenyewe ikihesabiwa, tuseme nne. Nukta yenye majirani wa kutosha huitwa kiini. Isiyotosheleza idadi hiyo, lakini iliyo jirani ya kiini, huitwa nukta ya mpakani. Isiyo kiini wala jirani ya kiini huitwa kelele, na katika programu nyingi hupewa alama `-1`.

Chukua mfano wa kubuni wa ajali 11 kwenye kipande kilichonyooka cha barabara karibu na Mountain View, zikipimwa kwa mita kutoka kituo kimoja cha matatu. Zilitokea kwenye mita 0, 40, 70, 110, 150, 190, 230, 300, 620, 650 na 900.

Nukta ya mita 40 ina majirani katika mita 0, 70 na 110. Pamoja nayo zinakuwa nne, hivyo ni kiini. Zile za 70, 110, 150, 190 na 230 nazo ni viini. Kwa kuwa kila kiini ni jirani ya kinachofuata, vyote vinaungana kama pete za mnyororo. Nukta za 0 na 300 hazina majirani wa kutosha, ila kila moja imekigusa kiini, hivyo zinaingia kundini kama nukta za mpakani. Matokeo ni kundi moja la ajali nane lenye urefu wa mita 300, ingawa ajali za ncha mbili hazijuani kabisa. Hii ndiyo siri ya kufuata maumbo yasiyo ya kawaida: ujirani hupokezanwa hatua kwa hatua, na barabara ikipinda, mnyororo hupinda nayo.

Ajali za 620, 650 na 900 hazina kiini jirani. Zote tatu zinabaki kelele.

Linganisha na kanuni ya vitovu, ambayo hutaka kwanza kuambiwa idadi ya makundi, kisha humlazimisha kila mmoja kujiunga na kitovu kilicho karibu naye. Ikiambiwa itafute makundi mawili, itaziweka pamoja zile ajali tatu za mwisho na kuweka kitovu chao kwenye mita 723. Hapo hapakutokea ajali hata moja. Iliyo karibu zaidi iko mita 73 kutoka hapo. Mhandisi akijenga kivukio cha wapita njia kwa kufuata kitovu hicho, atakuwa amekijenga mahali pasipohusika.

Hata hivyo, matokeo ya DBSCAN hutegemea sana umbali uliochaguliwa. Katika mfano huohuo, umbali ukipunguzwa hadi mita 60, hakuna nukta inayofikisha nne, na ajali zote 11 zinageuka kelele. Ukiongezwa hadi mita 400, zote zinakuwa kundi moja. Dalili za kosa ni hizo: karibu kila kitu kuwa kelele, au karibu kila kitu kuwa kundi moja. Njia ya kawaida ya kuchagua ni kupima umbali wa kila nukta hadi jirani yake wa tatu au wa nne, kupanga vipimo hivyo kwa ukubwa, kisha kutazama mahali mchoro unapopanda ghafla.

Kosa jingine hutokana na vipimo. Mahali kwenye ramani huandikwa kwa digrii, si kwa mita. Jijini Nairobi, karibu na Ikweta, digrii moja ni takriban kilomita 111 upande wowote, hivyo mita 100 ni karibu digrii 0.0009. Anayeandika 100 akidhani ni mita ameiambia tarakilishi kwamba jiji zima ni ujirani mmoja.

Nairobi ina mfano halisi wa aina hii ya takwimu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti wakiwemo Sveta Milusheva na Robert Marty walikusanya ripoti za ajali kutoka mtandao wa Twitter, ambao tangu 2023 huitwa X, za kati ya 2012 na 2020. Walizitambulia mahali ripoti 32,991, na walipozikusanya kwa makundi walipata ajali 22,872 tofauti. Tofauti hiyo inafunza jambo: ajali moja huripotiwa na watu kadhaa. Ripoti zikiingizwa bila kuchujwa, ajali moja iliyoonwa na abiria wanne itatosha kuunda msongamano wa uongo.

Jina la Mountain View lenyewe ni mtego. Ripoti inayolitaja jina hilo tu huweza kuwekwa na programu kwenye nukta moja ya katikati ya mtaa, na nukta hiyo ikaonekana hatari kuliko barabara. Kundi ambalo nukta zake zote zina vipimo vilevile halipaswi kuaminiwa. Aidha, programu huenda ikaipeleka ripoti hadi Mountain View ya California, Marekani. Ripoti za namna hiyo zikiwa chache kuliko idadi ya chini, kosa hilo DBSCAN hulinasa kwa urahisi, kwani nukta hizo hubaki kelele.

Lakini kelele haina maana ya upuuzi. Ajali ya mita 900 huenda ndiyo iliyoua watu wengi. Kanuni inasema tu kwamba haina wenzake karibu. Uzito wake haiujui. Orodha ya kelele yafaa isomwe moja moja kabla ya kuwekwa kando.

Vilevile, umbali mmoja haufai kila mahali. Unaotosha katikati ya jiji, ambako ripoti ni nyingi, huenda ukaufanya mtaa wa pembeni uonekane hauna hatari. Kwa ajili hiyo Sander na wenzake walitoa kanuni ya OPTICS mwaka 1999, inayochunguza misongamano ya viwango tofauti. Wala ramani bapa haijui ghorofa: huko Westlands, ajali ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, na ile ya Waiyaki Way chini yake huhesabiwa kuwa majirani, hadi jina la barabara litumiwe kuzitenganisha.