Kutoka Malangali hadi Mkondo wa Amali

Ukitoka Makambako kuelekea Iringa, Malangali inabaki pembeni ya barabara kuu, na Ifunda iko mbele, ukishapita Mafinga. Shule hizi mbili ni kongwe. Kati yake imepita karibu historia nzima ya swali linalomkosesha usingizi mzazi mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani: shule imfundishe nini ili apate kazi? Tangu 2024 baadhi ya sekondari zetu zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, na watu wengi wanauzungumzia kana kwamba ni jambo lisilowahi kuonekana. Nyanda hizi zimeliona zaidi ya mara moja, na yafaa tukumbushane lilikwama wapi.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast. Ushauri wa tume ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Serikali ya Kiingereza iliupokea. Mwaka 1928, William Mumford akafungua Malangali kwa fikra hizo. Wazee walishirikishwa, mila zilifundishwa, ngoma na mikuki vikawa sehemu ya masomo. Mumford aliipenda kazi yake, sina shaka. Lakini wazazi walikuwa wanatazama nani analipwa mshahara mwisho wa mwezi, na aliyelipwa alikuwa karani, mkalimani na mwalimu, watu wa kalamu na Kiingereza. Mumford alipoondoka, jaribio lake halikudumu.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba vijana na wazazi wao wanadharau kazi za mikono. Mimi nasema walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Mwaka 1965 mtaalamu wa elimu Philip Foster, akitumia mfano wa Ghana, alieleza jambo hilohilo: kijana huchagua somo kwa kutazama malipo yaliyoko nje ya shule, wala huwezi kumgeuza kwa kubadili vitabu peke yake.

Ifunda ina hadithi nyingine, na ndiyo inayonivuta zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Mwaka 1951 pakawa shule ya ufundi, na baadaye Moshi nayo ikapata ya kwake. Kijana alisoma shuleni kwa miaka mitatu, kisha akamalizia miaka miwili kazini, chini ya mwajiri. Siusifu ukoloni kwa hilo, maana nafasi zilikuwa chache mno, na waliokusudiwa ni mafundi wa ngazi ya chini. Lakini tazama ile miaka miwili. Fundi mkuu wa karakana alimwona kijana akiharibu, akamrekebisha, akajua anachoweza. Siku ya mwisho hakuhitaji kusoma cheti chake.

Katika miaka ya 1960 shule hizo zikageuzwa kuwa sekondari za ufundi. Hadhi ikapanda, na ilistahili kupanda, kwa sababu mtoto wa fundi naye ana haki ya kufika chuo kikuu. Kilichopotea ni kamba iliyomfunga mwanafunzi na mwajiri. Kisha ikaja Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba karibu asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari, hivyo shule isiwaandae wengi kwa safari ya wachache. Fikra ilikuwa nzito. Huku chini, katika shule nyingi, ikageuka kuwa jembe na fyekeo, na wakati mwingine adhabu.

Katika miaka ya 1970, sekondari zikagawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. George Psacharopoulos na William Loxley wa Benki ya Dunia waliwafuatilia wanafunzi wa michepuo hiyo na wenzao wa Kolombia, wakachapisha kitabu mwaka 1985. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mchepuo ulimpa kijana nafuu katika kutafuta kazi kuliko mwenzake, ingawa kumfundisha kuligharimu zaidi. Ni kweli kwamba uchumi ulikuwa umeanguka, na bila vifaa karakana haifundishi. Lakini udhaifu wa vifaa haukuwa ajali. Umo ndani ya mpango wenyewe, na mfano mmoja unatosha kuuonyesha.

Chukua darasa la wanafunzi 40 wanaojifunza kuchomelea vyuma. Pakiti ya kilo tano ya vijiti vyembamba, vya milimita 2.5, ina vijiti 250 hivi. Kila mwanafunzi akichoma sita, pakiti karibu imekwisha, na kijiti kimoja huwaka kwa dakika moja tu au zaidi kidogo. Maana yake pakiti nzima imempa kila mmoja kama dakika sita za moto. Dakika sita ni za kujifunza kuwasha kijiti bila kunasa kwenye chuma. Mkono haujatulia bado, na sikio halijaujua mlio wa moto unaokwenda sawa.

Fundi mmoja wa mageti mjini Iringa alinieleza anavyompima kijana anayekuja na cheti. Humpa vipande viwili vya chuma aviunge, kisha huvibana na kupiga nyundo. Kiungo kinaweza kung'aa juu, mstari umenyooka, kumbe chuma hakikuyeyuka hadi ndani. Kikipigwa kinafunguka kama ganda. "Bawaba ya geti ikiachia, mwanangu, mteja harudi kwangu," aliniambia. Kijana wa aina hiyo hafukuzwi kwa kukosa akili. Hakupata vijiti vya kutosha, wala mtu wa kumsimamia kila siku.

Shule haiwezi kununua vijiti vya mazoezi ya mamia ya saa kwa kila mwanafunzi. Karakana ya mtaani huvichoma kila siku, kwa fedha ya mteja. Kwa hiyo saa za mazoezi zinapaswa kufuatwa zilipo. VETA tayari ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo fundi aliyethibitishwa yupo. Fedha nayo ipo. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara wanayolipa, na kwa miaka mingi theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo iliyoelekezwa VETA. Sehemu ya tozo hiyo imlipe fundi anayempokea mwanafunzi kwa muhula mzima, ifidie chuma kitakachoharibika, na ikate bima ya macho na mikono. Bila malipo, fundi atamfanya kijana kuwa mtumwa wa kufagia na kununua chai, na hatutakuwa na uso wa kumlaumu.

Najua pingamizi lenye nguvu: hata fundi hodari hapati kazi kama watu hawana fedha ya kujenga mageti. Ni kweli, mtaala hauundi soko. Wilaya yenye mafundi wa kuchomelea tele isifungue darasa jingine la kuchomelea kwa sababu tu mashine zimeshanunuliwa. Iulize kwanza mafundi wake wanashindwa kutengeneza nini na wanakiagiza kutoka wapi, iwe mashine za kusaga, pampu za umwagiliaji au mitambo ya jua.

Zaidi ya vijana laki tano hufanya mtihani wa kidato cha nne kila mwaka. Kabla shule haijaruhusiwa kuwapokea wengine katika mkondo wa amali, ioneshe orodha ya karakana watakakokwenda, jina la fundi atakayewasimamia, na nani atakayemlipa. Shule isiyoweza kuonesha hayo isubiri kwanza.