Wewe ni Binti wa Nani?

Nilishuka kwenye matatu pale Rodi Kopany, njia panda ambapo barabara ya kutoka Rongo inaendelea Homa Bay na nyingine inachepuka kuelekea Ndhiwa mpaka Sori, ziwani. Mkobani nilikuwa na kibali cha NACOSTI, barua ya chuo, kinasa sauti na maswali 22 ambayo msimamizi wangu Nairobi alikuwa ameyapitisha. Mtu wa boda aliyenibeba hakutaka kuona kibali. Aliuliza kitu kimoja tu: mimi ni nyar nani, yaani binti wa nani. Nikamtajia jina la babu yangu.

"Ah, yule wa kamati," akasema, akawasha pikipiki.

Sikulitilia maanani neno hilo. Nilikuwa nimekuja kuandika historia ya jinsi koo zilivyokaa kwenye ardhi ya kwetu, na nilijiona nimebahatika. Wenzangu darasani walikuwa wakitafuta wakalimani na nyumba za kupanga. Mimi nilikuwa na lugha, na kitanda kwa baba mkubwa. Kuwa mwenyeji nilikuhesabu kama ufunguo. Nilichokuja kugundua ni kwamba ni anwani. Kila aliyenijibu alikuwa anamjibu mtu fulani aliyemjua tayari, na mtu huyo hakuwa mimi hasa. Alikuwa mjukuu wa yule wa kamati.

Kwanza nieleze kamati yenyewe. Mwaka 1968 Kenya ilipitisha sheria ya kuamua nani ana haki gani kwenye ardhi za jamii, ili kila shamba lipimwe, liandikwe na hatimaye litolewe taito. Kila eneo lililotangazwa liliundiwa kamati ya wakazi wasiopungua 10. Familia zilisimama mbele yao, zikaeleza nani alifika lini, nani alimkaribisha nani, mpaka unapita wapi. Kamati ikiamua, daftari lilifunguliwa kwa siku 60 ili asiyeridhika aweke pingamizi. Kwa maneno mengine, historia ya mdomo, ile ile niliyotumwa na chuo kuikusanya, ilikuwa imeshatumika mara moja kama ushahidi, na walioshinda waliondoka na shamba. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliosikiliza na kuamua.

Ndani ya mambo yote hayo kuna neno moja la Kijaluo ambalo huwezi kulikwepa: jadak. Ni mtu aliyekaribishwa kuishi kwenye ardhi ya ukoo usio wake, pengine kwa sababu mama yake alitoka pale, pengine kwa kuoa pale, au alikimbia njaa au ugomvi kwao. Anajenga, analima, anazeeka, wajukuu wake wanazaliwa hapo. Lakini neno lenyewe linaweza kukaa juu ya familia kwa vizazi, na siku ya kupima mashamba ndiyo siku linapouma. Anayekaribisha ni wuon lowo, mwenye ardhi. Kwa hiyo swali langu la kwanza, lile nililodhani ni jepesi, "Nani alifika hapa kwanza?", halikuwa swali la historia tu kwa yeyote niliyemuuliza.

Baba mkubwa alilijibu kwa dakika nne hivi. Sisi ndio tulifika. Akataja majina saba, kutoka kwa babu yangu kurudi hadi kwa yule aliyevuka na ng'ombe wake. Familia iliyo chini ya kilima tuliikaribisha baadaye, kwa sababu bibi yao alikuwa binti yetu. Kila alipofika penye utata alisema, "Si unajua," nami nikaitikia kwa kichwa. Niliporudia kusikiliza nilihesabu hizo "si unajua": kumi na moja. Kila moja ilikuwa pahali ambapo mgeni angeuliza, "Hapana, sijui, nieleze." Mimi sikuuliza, kwa sababu mtoto wa nyumbani hawezi kujifanya hajui mambo ya nyumbani. Kumbe sikuwa najua.

Mzee wa boma la chini alinipokea kwa heshima kuliko nilivyostahili. Mjukuu wake aliniletea kiti, na soda ikatumwa dukani. Nikamwuliza swali lile lile. Akamsifu babu yangu: mtu mwenye haki, mtu wa amani. Nikamwuliza kuhusu majina ya wazee wao, akanitajia manne. Nikamwuliza mpaka wao wa zamani ulipita wapi. Hapo akafanya kitu ambacho sikukitambua mpaka nilipokuwa Nairobi na spika masikioni: aliacha Kijaluo akajibu kwa Kiswahili. "Mipaka ilipimwa na serikali, na sisi tuliridhika." Kwetu Kiswahili ni lugha ya baraza, ya chifu na polisi. Mzee alikuwa ameniambia, kwa ustaarabu kabisa, kwamba sasa anaongea na kamati. Kwenye daftari langu la siku ile niliandika: "Mahojiano mazuri. Ana shukrani."

Nikamweleza mwenzangu wa darasa, kijana wa Machakos asiyejua hata neno moja la Kijaluo. Tukakubaliana aende na mkalimani wa kutoka nje ya kijiji, na maswali yale yale, mimi nibaki Nairobi. Mzee wa boma la chini alimpa majina sita ya wazee badala ya manne. Vizazi viwili zaidi si jambo dogo. Ukikadiria miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, kama tufanyavyo kwa kawaida, hiyo ni nusu karne au zaidi, na ghafla familia iliyokaribishwa inakuwa imefika karibu sawa na waliowakaribisha. Kuhusu mpaka alieleza bila kusitasita. Kisha akamwuliza mwenzangu fidia italipwa lini.

Hapo ndipo nilipoacha kuwaza kwamba mgeni ndiye anayepewa ukweli. Alionekana kama mtu wa mradi au wa barabara, na mtu wa mradi huambiwa historia ndefu kwa sababu historia ndefu ina malipo. Manne aliambiwa mjukuu wa kamati, sita akaambiwa mtu mwenye pesa. Nikipokea orodha moja na kuitupa nyingine, nitakuwa nimechagua kwa sababu zangu tu.

Sisi si wa kwanza kukwama hapa. Mwaka 1938 vitabu viwili vilitoka vilivyoandikwa na wenyeji kuhusu watu wao. Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa Malinowski kule London, aliandika juu ya Wakikuyu. Paul Mboya, jirani yetu wa Karachuonyo, aliandika kwa Kijaluo juu ya mila za Wajaluo, kitabu kinachotajwa mpaka leo ukibisha na wazee. Mboya alikuwa chifu, na mchungaji wa Kisabato. Wanaosoma mila kutoka kwake wanapokea pia kile ambacho watu huwa tayari kumweleza chifu na mchungaji. Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, alipochapisha mwaka 1967 historia ya Wajaluo aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee, alikuwa anapigania jambo kubwa: kwamba masimulizi hayo ni ushahidi, wakati wasomi wengi bado walitaka karatasi. Na mwaka 1989 Atieno Odhiambo, mwana wa Siaya, aliandika juu ya Siaya pamoja na Mmarekani David William Cohen. Zamani nilidhani Cohen alihitaji mwenyeji wa kumfungulia milango. Siku hizi nadhani hata Atieno Odhiambo alihitaji mtu wa kusema, "Sijui, nieleze." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilirudi Rodi bila orodha ya maswali. Nilikwenda kwa dada yake mzee wa boma la chini, mjane aliyerudi kwao, nikamkuta anamenya karanga. Nikakaa chini nikamenya naye. Aliniita nyakwara, mjukuu wangu, na akanipima kwa njia yake: nimeolewa? Bado. Nitajenga huku? Hapana. Kwa mila, binti haachiwi shamba la baba, kwa hiyo sikuwa tishio. Lakini alikuwa ameisikia pia katiba ya 2010, ile iliyotaka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye mambo ya ardhi, akaniuliza wazi kama nimekuja kutafuta changu. Nilipokataa alicheka, akainuka, akaniambia nimfuate.

Alinipeleka juu, ndani ya shamba letu. Kati ya mahindi kulikuwa na minyaa mikubwa, imezeeka, na ukisimama pale alipokuwa amesimama uliona kwamba imepanda kwa duara, kama uzio wa boma la zamani. Ndani ya duara kulikuwa na mahali pawili palipobonyea, hapalimwi. "Mama ya baba yangu amelala hapa," akasema. Kwetu kaburi ni hoja. Anayezikwa mahali alikuwa na boma pale. Nilikuwa nimecheza chini ya minyaa ile kila Desemba.

Mduara wa minyaa hauthibitishi nani alifika kwanza, wala hausemi kwamba babu alidhulumu. Inawezekana boma lilihamishwa kwa makubaliano, inawezekana pingamizi liliwekwa ndani ya zile siku 60 likakataliwa, inawezekana halikuwekwa kwa kuwa wa kulisikiliza alikuwa jirani. Unaonyesha tu kwamba hadithi ya dakika nne ya baba mkubwa ilikuwa imeruka kitu, na kwamba "tuliridhika" ya yule mzee ilikuwa na kaburi chini yake.

Sura ile niliiandika upya. Ukurasa wa kwanza unasema babu yangu alikuwa kwenye kamati na kwamba mimi nimekula mahindi ya shamba linalozungumziwa. Kila simulizi nimeliandikia nani aliambiwa, wapi, nani mwingine alikuwa amekaa pale, na kwa lugha gani. Majina manne na majina sita yote yapo, kila orodha na msikilizaji wake. Majina ya watu nimeyaficha, ingawa najua hilo linawaficha kwa wasomaji wa Nairobi tu. Rodi kila mtu atajua ni minyaa ya nani.

Likizo iliyofuata nilimsomea baba mkubwa, nikitafsiri aya kwa aya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nitoe namba ya shamba, nikaitoa, kwa sababu kesi ikianza karatasi yangu isiwe ndiyo kibiriti. Akaniomba nitoe na kaburi. Nikakataa. Hakupandisha sauti. Alinijibu kwa Kiswahili.

"Sawa, daktari," akasema. "Tumesikia."