Bakuchioli: mmea unaosemekana kufanya kazi ya retinoli bila kuchoma ngozi

Kwenye simu na kwenye meza za wauzaji wa pomadi, jina bakuchioli limeanza kusikika sana. Wanaoiuza wanasema ni «retinoli ya mimea»: inapunguza makunyanzi na madoa, haichubui, haichomi. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na imepimwa na waganga. Sehemu ingine ni biashara tu. Na kati ya hizo mbili kuna mtego mmoja unaoweza kumuachia mtu madoa mabaya kuliko yale aliyotaka kuondoa.

Kwanza tuone kitu chenyewe. Bakuchioli inatoka ndani ya mbegu za mmea ambao Wahindi wanaita babchi. Jina lake la kisayansi ni Psoralea corylifolia. Huko India na China mbegu hizo zinatumika tangu zamani kwa magonjwa ya ngozi, hasa ule ugonjwa wa mabaka meupe unaoitwa vitiligo. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa India waliweza kutenga bakuchioli peke yake kutoka ndani ya mbegu. Kuingia kwenye krimu za uso ni mambo ya juzi tu, tangu karibu 2007.

Retinoli yenyewe ni ya familia ya vitamini A. Ikipakwa, ngozi inaigeuza polepole kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo ndiyo inayoamuru seli zijifanye upya haraka na zitengeneze kolajeni, ile nyuzi inayoshika ngozi isilegee. Juu ya amri hiyo ya haraka, ngozi nyingi zinakauka, zinabanduka kama maganda ya kitunguu, zinawaka moto. Bakuchioli siyo vitamini A na umbo lake halifanani na retinoli hata kidogo. Lakini mwaka 2014, watafiti wawili, Chaudhuri na Bojanowski, walionyesha kwamba kwenye ngozi iliyokuzwa maabarani inaamsha jeni nyingi zilezile ambazo retinoli inaamsha. Ndipo jina «retinoli ya mimea» lilipopata nguvu.

Maabara siyo uso wa mtu. Jaribio ambalo wauzaji wote wanalitaja, hata wasiolisoma, lilitoka mwaka 2019 katika jarida la Waingereza la magonjwa ya ngozi. Watu 44 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipaka krimu ya bakuchioli asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, kundi lingine retinoli asilimia 0.5 mara moja, usiku. Si wao wala muganga aliyewapima hakujua nani amepewa nini. Walipigwa picha za uso tangu mwanzo mpaka juma la 12.

Makunyanzi yalipungua pande zote mbili. Madoa meusi pia. Kwa upande wa madoa, watu 59 kwa 100 waliotumia bakuchioli walipata nafuu, na wa retinoli walikuwa 44 kwa 100. Muuzaji akiona namba hizo atasema bakuchioli imeshinda, lakini kwa watu wachache hivyo tofauti ile inaweza kuwa bahati tu, na watafiti wenyewe waliandika kwamba vitu hivyo viwili havikutofautiana. Kilichotofautiana ni maumivu: wa retinoli walilalamika zaidi kwamba ngozi inabanduka na inawasha kama moto.

Hayo ni matokeo mazuri, ila ni vema kujua udogo wake. Watu 44 ni wachache. Juma 12 ni miezi karibu tatu tu. Na hakukuwa kundi la tatu lililopaka krimu tupu isiyo na dawa, wakati krimu tupu nayo inalainisha ngozi na kufanya makunyanzi madogo yaonekane kupungua. Kwa upande mwingine, familia ya vitamini A ina miaka mingi ya ushahidi nyuma yake: tretinoini, ndugu mkali wa retinoli anayeandikwa na muganga, iliruhusiwa Amerika kwa chunusi tangu 1971, na kazi yake juu ya ngozi iliyoharibiwa na jua imechunguzwa tangu miaka ya 1980. Bakuchioli haikupimwa na tretinoini katika jaribio lile. Mtu akisema bakuchioli ni sawa na dawa ya muganga, anasema kitu ambacho jaribio halikusema.

Sasa ule mtego. Ndani ya mbegu ya babchi, bakuchioli haikai peke yake. Inakaa pamoja na kemikali zinazoitwa psoraleni. Hizo ndizo zilizofanya mbegu itumike kwa vitiligo: zinaingia ndani ya seli, na jua likizigusa zinawaka na kushikamana na chembe za urithi za seli. Hospitali kubwa zinatumia psoraleni na taa maalum, kwa kipimo, muganga akiwa pale. Mtu aliyejipaka nyumbani na kutoka kwenda soko saa sita ya mchana hana kipimo wala muganga. Ataungua. Na ubaya ni kwamba haungui palepale: wekundu na malengelenge vinatokea kesho yake au siku mbili tatu nyuma, wakati ameshasahau alipaka nini. Yakipona yanaacha madoa meusi ya majuma au miezi. Ni jambo lilelile linalompata mtu aliyekamua ndimu nyingi akakaa juani, mikono ikatoka alama nyeusi: ndimu nayo ina kemikali za ukoo huo.

Bakuchioli ya krimu nzuri imesafishwa, psoraleni zimetolewa. Mafuta ya babchi hayakusafishwa hivyo. Lakini mafuta ya babchi ni ya bei rahisi, na kuna wanaoyauza wakisema «ni bakuchioli ya asili kabisa». Namna ya kutofautisha ni kusoma orodha ya vitu nyuma ya chupa, siyo jina kubwa la mbele. Kama ni ile iliyosafishwa, ndani ya orodha utaona neno moja, Bakuchiol. Ukiona Psoralea corylifolia pamoja na maneno ya mafuta au unga wa mbegu, hicho ni kitu kingine, kisipakwe usoni. Chupa isiyo na orodha, au iliyojazwa tena kutoka bidoni, jibu lake ni lilelile.

Nani basi angeichagua? Wa kwanza ni yule aliyejaribu retinoli ikamshinda, uso ukabanduka kila mara hata alipopunguza. Wa pili ni mtu wa ngozi nyeusi ambaye kila kidonda kidogo kinamuachia doa. Hapa faida ya upole si starehe tu. Kwenye ngozi nyeusi, kuwashwa kwenyewe kunaleta rangi: pale retinoli ilipochoma, doa jipya linazaliwa, na mtu anajikuta anafukuza madoa kwa kitu kinacholeta madoa. Usemi wa sokoni kwamba «kama haichome, haitumike» umeharibu sura nyingi.

Tuchukue mama wa miaka 40 mwenye madoa ya chunusi za zamani kwenye mashavu, ngozi yake haivumilii mambo makali. Amepata seramu ya bakuchioli asilimia 0.5, chupa ya mililita 30. Siku tatu za kwanza haigusi uso. Anapaka tone moja ndani ya kiwiko asubuhi na jioni, mahali palepale, anaangalia. Hakuna muwasho, hakuna vipele? Anaanza uso, usiku tu kwa juma moja, kisha asubuhi na usiku, kwa sababu ndivyo ilivyopimwa. Kila mara anatumia karibu nusu mililita kwa uso wote. Hiyo ni mililita moja kwa siku, chupa inaisha kwa siku 30. Juma 12 ni siku 84, kwa hiyo atahitaji chupa tatu. Mwenye pesa ya chupa moja tu afanye hesabu hiyo kabla, juu mwezi mmoja hautamuonyesha kitu cha maana.

Kioo cha kila asubuhi kinadanganya. Apige picha siku ya kwanza, karibu na dirisha lilelile, saa ileile, bila pudra, kisha arudie juma la 4, la 8 na la 12. Kama picha ya kwanza na ya mwisho hazina tofauti, asinunue chupa ya nne.

Na jua? Bakuchioli iliyosafishwa haiharibiki na mwanga kama retinoli, ndiyo maana inaweza kupakwa mchana. Lakini haizuii jua. Huku Goma na Bukavu, karibu na ikweta na juu ya mita 1,400, jua linarudisha doa haraka kuliko seramu inavyolifuta. Kama pesa inatosha kitu kimoja, krimu ya kuzuia jua, kofia yenye ukingo mpana na mwavuli vinastahili kwanza.

Kwa mama mjamzito maneno yanahitaji uangalifu zaidi. Waganga wanawakataza krimu za familia ya vitamini A kwa tahadhari, kwa sababu vidonge vya familia hiyo vinajulikana kuharibu mtoto tumboni. Bakuchioli si ya familia hiyo, na wauzaji wanarukia kusema basi ni salama. Kutokuwa vitamini A siyo sawa na kupimwa kwa wajawazito. Madoa ya mimba mengi yanapungua yenyewe baada ya kuzaa. Anayetaka kupaka kitu amuulize kwanza muganga anayemfuata.

Wengine bakuchioli siyo yao. Mwenye chunusi kubwa zenye usaha anahitaji dawa ya chunusi. Aliyejichubua miaka na pomadi za kotizoni, ngozi ikawa nyembamba na mishipa inaonekana, asirukie seramu yoyote: akiacha kotizoni ghafla uso unaweza kuwaka na kuvimba, na atafikiri ni bakuchioli ndiyo imemuharibu. Huyo apite kwanza kwa muganga.

Hata iliyosafishwa, kuna watu wachache ambao mwili wao unaikataa, na visa hivyo vimeandikwa na waganga wa ngozi. Ukavu kidogo juma la kwanza unaweza kupita. Lakini kope zikivimba, uso ukiwasha usiku na vipele vidogo vyenye maji vikitoka mpaka nje ya mahali palipopakwa, hiyo ni aleji. Anaosha uso kwa maji na sabuni laini, anaacha kabisa, na anaenda kituo cha afya na chupa mkononi ili waone orodha yake.