Mwaka Usio na Chanzo: Uhakiki wa Marejeleo katika Historia ya Nakivale
Uhakiki wa marejeleo huenda pande mbili: kila chanzo kilichotajwa katika matini hutafutwa kwenye orodha, na kila kilichoorodheshwa hutafutwa katika matini. Hata hivyo, ulinganishaji huo hauigusi sentensi isiyotaja chanzo. Mfano ni dai kwamba makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Machafuko hayo yalianza Novemba 1959; kwa hiyo ama mwaka, ama sababu, ina kasoro. Vilevile, maneno “Nakivale, wilayani Mbarara” yanasahihika katika chanzo kilichotangulia kumegwa kwa wilaya ya Isingiro tu. Tarehe na mahali, basi, vihakikiwe sentensi kwa sentensi. Kisichopata chanzo kiondolewe.