Mashindano ya tarakilishi Kisii na Nyamira: Jinsi ya kupanga swichi, anwani na seva

WACHEZAJI 64 kutoka Kisii na Nyamira wanapoketi katika ukumbi mmoja, kila mmoja mbele ya tarakilishi yake, mtu mmoja anayechomeka waya pasipofaa anaweza kusimamisha mchezo wa wote. Timu iliyoondoka Nyamira alfajiri hubaki ikibishana na waamuzi iwapo pambano lirudiwe, na hakuna anayejua kosa limeanzia wapi.

Mashindano kama haya ni nadra kuharibiwa na uchache wa kasi, kwa kuwa taarifa ambazo mchezo hupitisha kwenye waya ni chache mno. Huharibiwa na kosa lisiloweza kutafutwa, kwa sababu waya zilitandazwa ovyo na anwani hazikupangwa. Ndiyo maana mwandalizi anapaswa kuujenga mtandao wake kwa namna ambayo kosa litajionyesha lenyewe.

Tuchukue mfano wa timu 16 zenye wachezaji wanne kila moja. Katika raundi ya kwanza kutakuwa na mapambano manane yanayochezwa kwa wakati mmoja, na hadi bingwa apatikane yatakuwa yamechezwa mapambano 15.

Chagua mchezo kwanza

Kabla ya kununua hata mita moja ya waya, mwandalizi ahakikishe kwamba mchezo anaoutaka unaweza kuendeshwa na seva iliyomo ukumbini. Michezo mingi maarufu, mathalan Fortnite na League of Legends, huendeshwa na seva za kampuni zinazoimiliki, hivyo haichezeki bila intaneti hata waya zipangwe vizuri namna gani.

Katika mfano wetu tutatumia Xonotic. Huu ni mchezo huria unaotolewa bure, hivyo hakuna nakala 64 za kununuliwa, na programu ya seva huja pamoja na mchezo wenyewe.

Swichi na waya

Wachezaji wapangwe katika safu nne, kila safu wachezaji 16, wanane upande huu na wanane upande ule. Kila safu ipewe swichi yake ya matundu 24, iwekwe katikati ya safu ili waya zisiwe ndefu. Matundu 16 ni ya wachezaji na moja ni la waya unaokwenda kwenye swichi kuu. Saba yanayosalia ni akiba, kwa maana si ajabu tundu kufa mchana wa mashindano.

Swichi hizo nne zote ziunganishwe moja kwa moja na swichi kuu iliyo kwenye meza ya waandalizi. Swichi kuu haihitaji kuwa kubwa. Matundu manane yatatosha, kwani itapokea waya nne za safu, waya wa seva na waya wa tarakilishi ya waamuzi. Kosa la kawaida ni kuunga swichi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, kama shanga. Swichi ya pili ikizimika, safu ya tatu na ya nne nazo hukatika ilhali hazina hatia.

Swichi zote ziwe za gigabiti 1 kwa sekunde. Mchezo wenyewe hauhitaji kasi hiyo. Inayoihitaji ni kazi ya kunakili. Iwapo mchezo una ukubwa wa gigabaiti 1 na tarakilishi zote 64 zinaunakili kutoka kwa seva, kwenye waya wa gigabiti 1 kazi huchukua takriban dakika 10. Kwenye swichi za zamani za megabiti 100 itachukua zaidi ya saa moja na nusu.

Waya za Cat 5e zinatosha, mradi waya mmoja usizidi mita 100. Tukikadiria mita tano kwa kila mchezaji, hizo ni mita 320, na waya nne za kwenda swichi kuu zikiwa za mita 20 zinaongeza mita 80. Kwa kuwa katoni moja huwa na mita 305, mwandalizi anunue katoni mbili. Kila waya ubandikwe nambari ile ile kwenye ncha zote mbili. Kazi hiyo ya jioni moja ndiyo itakayookoa siku nzima.

Anwani

Kila tarakilishi lazima iwe na anwani yake ya IP. Vifaa vingi vya intaneti vya nyumbani hugawa anwani zinazoanza kwa 192.168.0 au 192.168.1, hivyo mwandalizi aziepuke kabisa. Sisi tutatumia 10.45.46, ambayo ni rahisi kukumbukwa, kwa maana Kisii ni kaunti nambari 45 na Nyamira nambari 46. Kwa kipimo cha 255.255.255.0, fungu hilo lina anwani 254 zinazoweza kutumika.

Anwani 10.45.46.2 hadi 10.45.46.9 ziwekewe swichi zinazosimamiwa kwa anwani. Kuanzia 10 hadi 19 ni za seva, kuanzia 50 hadi 59 ni za waamuzi, na kuanzia 100 hadi 199 ni za wachezaji. Seva na waamuzi waandikiwe anwani zao kwa mkono. Wachezaji wazipokee zenyewe kutoka kwa seva kupitia huduma ya DHCP, kwani kuandika anwani 64 kwa mkono ni kualika makosa.

Kwenye seva ya Linux, programu ya dnsmasq hufanya kazi hiyo kwa mistari minne. Jina eth0 libadilishwe liwe jina la tundu la mtandao la seva husika:

```
interface=eth0
port=0
dhcp-range=10.45.46.100,10.45.46.199,255.255.255.0,12h
dhcp-option=3
```

Mstari wa mwisho huzuia tarakilishi zisielekezwe kwenye mlango wa intaneti ambao haupo. Skrini zitaonya kwamba hakuna intaneti, na onyo hilo lisimtishe mtu.

Seva

Seva iwe na anwani 10.45.46.10. Kwa kuwa mapambano ni manane kwa pamoja, programu ya seva ifunguliwe mara nane katika mtambo huo mmoja, kila nakala ikiwa na faili yake ya mipangilio na nambari yake ya mlango, kuanzia 26000 hadi 26007. Faili ya uwanja wa kwanza itakuwa hivi:

```
hostname "Uwanja 1"
port 26000
maxplayers 10
sv_public 0
```

Nafasi 10 ni za wachezaji wanane, mwamuzi mmoja na moja ya akiba. Mstari wa mwisho huzuia seva isijitangaze nje ya ukumbi. Mchezaji hujiunga kwa kuandika amri hii ndani ya mchezo:

```
connect 10.45.46.10:26000
```

Seva hiyo iwe na betri ya UPS, na mtambo wa pili wenye mipangilio ile ile ukae kando ukiwa umezimwa. Mitambo miwili inayogawa anwani kwa wakati mmoja bila kupangiwa huleta vurugu.

Kutambua kosa

Mchezaji anapoinua mkono, mwamuzi aandike ipconfig kwenye tarakilishi yake na asome anwani. Jibu ni moja kati ya matatu.

Ikianza kwa 10.45.46, anwani ni sahihi. Hapo aandike ping 10.45.46.10. Jibu likirudi chini ya milisekunde 1, mtandao hauna kosa na tatizo limo katika mchezo au tarakilishi yenyewe.

Ikianza kwa 169.254, tarakilishi haikupata jibu kutoka kwa seva ya anwani. Ikiwa ni ya mtu mmoja, waya au tundu lake ni bovu. Ikiwa ni safu nzima, waya wa kwenda swichi kuu umechomoka.

Ikianza kwa 192.168, kuna mtu aliyechomeka kifaa cha intaneti cha nyumbani, nacho kinagawa anwani zake, au tarakilishi imenasa Wi-Fi. Kwanza Wi-Fi izimwe. Tatizo likibaki, mwamuzi aandike ipconfig /all na asome mstari wa DHCP Server ili apate anwani ya kifaa hicho. Kisha achomoe waya za safu kutoka swichi kuu moja baada ya nyingine, hadi kifaa hicho kiache kujibu ping. Kikishaondolewa, amri ya ipconfig /renew itarudisha anwani sahihi.

Kosa baya zaidi ni mzunguko. Hutokea mtu anapochomeka ncha zote mbili za waya katika swichi moja, au anapounganisha swichi mbili za safu kwa waya wa pili. Ujumbe unaotumwa kwa tarakilishi zote huanza kuzunguka bila kikomo, kwa sababu mtandao wa aina hii hauna namna ya kuuhesabia mizunguko ukafa. Dalili yake haifichiki: taa za swichi zote humetameta kwa kasi na kwa pamoja, hata wakati hakuna anayecheza. Hapa pia waya za safu zichomolewe moja moja. Taa zinapotulia, safu yenye kosa imepatikana. Swichi zenye huduma ya STP iliyowashwa huukata mzunguko zenyewe, hivyo mwenye uwezo azipendelee.

Umeme na radi

Tukikadiria wati 150 kwa tarakilishi na skrini yake, safu moja hutumia wati 2,400, yaani ampea 10 kwa volti 240. Soketi ya ampea 13 itaimudu. Lakini safu nne ni ampea 40, na kikata umeme cha ampea 32 kitakatika. Safu mbili zichukue umeme kutoka laini moja na mbili kutoka laini nyingine, na fundi wa umeme athibitishe kwamba laini hizo ni tofauti kweli.

Aidha, nyanda za Kisii na Nyamira zina mvua nyingi za radi, hasa alasiri. Waya wa shaba usipitishwe nje kutoka jengo moja hadi jingine, kwa maana radi ikipiga karibu, nguvu yake huweza kuingia kwenye waya huo na kuunguza swichi na tarakilishi za pande zote mbili. Ikiwa ukumbi mmoja hautoshi, majengo yaunganishwe kwa waya wa nuru ambao haupitishi umeme, la sivyo idadi ya wachezaji ipunguzwe. Fainali nayo ipangwe asubuhi.

Jaribio lifanywe siku moja kabla, safu baada ya safu. Safu ya kwanza iwashwe, tarakilishi zote 16 zipate anwani na ziijibu seva, ndipo ya pili iunganishwe. Kosa likizuka, litakuwa limo katika safu iliyoongezwa mwisho.